Sigara ya Chai na Sigara ya Baada ya Kula: Njia Ipi ya Kuitambua, Mbadala Upi wa Kuuzoea

Sigara ya alfajiri na sigara ya chai ya saa nne hutoka katika pakiti moja na huwashwa kwa kiberiti kimoja, na mvutaji akiulizwa kwa nini ameiwasha atajibu vilevile kwa zote mbili: alikuwa na hamu. Hata hivyo hamu hizo hazina asili moja. Ile ya alfajiri inatoka katika mwili uliokaa saa saba au nane bila nikotini. Nikotini iliyomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa mbili, kwa hiyo mtu huamka akiwa amebakiwa na kidogo sana, na mwili huanza kudai kabla hajanawa uso. Ile ya saa nne huenda imefuata nyingine kwa dakika ishirini tu, wakati damu bado ina nikotini ya kutosha, na kinachoidai ni kikombe kuliko mwili. Chai na sigara vimeandamana kwa miaka mingi, hata ubongo umejifunza kwamba kimoja kikifika kingine kiko njiani.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa ulinganisho huu, kwa sababu dawa ya hamu ya kwanza si dawa ya hamu ya pili. Nitazungumzia zaidi ile ya pili, yaani sigara inayoitwa na chai, kahawa au chakula, na nitamchukulia msomaji kuwa ni mvutaji aliyekwisha kuchagua siku ya kuacha, lakini siku hiyo bado haijafika.

Kukumbuka jioni au kuandika kabla ya kuwasha

Zipo njia mbili za kuvitambua vichocheo. Ya kwanza ni kukaa jioni na kukumbuka sigara za siku nzima. Haina gharama, haimwaibishi mtu mbele ya wenzake, na inamfaa asiyependa kuandika. Kasoro yake ni kwamba kumbukumbu hushika sigara zenye kisa. Mtu atakumbuka vizuri sigara aliyovuta baada ya kugombana na mteja, na atasahau kabisa ile aliyovuta huku akikoroga sukari, ilhali ile iliyosahauliwa ndiyo ya mazoea tupu na ndiyo anayoitafuta. Kipimo chake ni rahisi: hesabu sigara ulizozikumbuka, kisha ulinganishe na zilizopungua katika pakiti. Ukikumbuka tisa na pakiti ikaonyesha kumi na nne, tano hizo zilizopotea ni habari muhimu kuliko zile tisa.

Njia ya pili ni kuandika mstari mmoja kabla ya kuwasha. Karatasi hukunjwa na kufungwa kwenye pakiti kwa mpira, na peni fupi huchomekwa humo humo, ili mkono usiweze kufika kwenye sigara bila kupita kwenye karatasi. Anayenunua sigara moja moja dukani hana pakiti ya kufunga, kwa hiyo karatasi yake aiviringishie kiberiti, na kama hana kiberiti chake mwenyewe, aiweke pamoja na pesa. Mambo manne yanatosha: saa, alichokuwa akifanya, muda tangu sigara iliyotangulia, na nguvu ya hamu kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Siku nne ni kiasi kizuri, na mojawapo iwe siku ya mapumziko, kwa kuwa Ijumaa au Jumapili ya mtu huwa na vichocheo ambavyo siku za kazi hazinavyo.

Njia hii nayo ina udhaifu wake. Kuandika kwenyewe hupunguza idadi ya sigara, kwa sababu kitendo kilichokuwa kikijiendea sasa kinasimamishwa na kuulizwa jina. Idadi ya siku hizo nne basi isichukuliwe kuwa ndiyo kawaida ya mtu. Mara nyingi pia mtu huandika baada ya kuvuta, na namba ya hamu hushuka kwa kuwa hamu imekwisha kutulizwa. Hata hivyo naona njia hii haina mpinzani kwa sigara za chai na chakula. Kukumbuka jioni kunamfaa tu yule ambaye mazingira yake hayamruhusu kutoa karatasi kabla ya kila sigara, na hata yeye aandike walau mara tatu kwa siku, yaani baada ya chai, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kulala.

Karatasi ya fundi seremala

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa Tanga anayevuta sigara kumi na nne kwa siku. Karatasi yake ya siku ya tatu ina mistari kumi na minne. Hii hapa ni sita kati yake.

| Saa | Alichokuwa akifanya | Tangu sigara iliyotangulia | Hamu |
|---|---|---|---|
| 12:20 asubuhi | Ameamka tu | Karibu saa 8 | 5 |
| 4:10 asubuhi | Chai, kikombe cha kwanza | Saa 1 na dakika 30 | 3 |
| 4:30 asubuhi | Chai, kikombe cha pili | Dakika 20 | 2 |
| 7:40 mchana | Amemaliza wali kwa mama ntilie | Saa 1 na dakika 10 | 4 |
| 11:15 jioni | Kahawa kijiweni | Dakika 50 | 3 |
| 11:30 jioni | Bado kahawa kijiweni | Dakika 15 | 1 |

Karatasi hii isomwe kwa kulinganisha safu mbili za mwisho. Muda mrefu ukiambatana na hamu kubwa, kama alfajiri, mwili ndio unaodai nikotini. Muda mfupi ukiambatana na hamu ndogo, na bado sigara ikawashwa, hayo ni mazoea yasiyo na dai lolote nyuma yake: kikombe cha pili cha chai na sigara ya pili ya kijiweni ziko hapa. Mstari wa mama ntilie umo katikati. Saa moja na dakika kumi si muda wa kuufanya mwili ulie hivyo, lakini hamu imefika 4, maana yake kumaliza kula ni kichocheo chenye nguvu kuliko alivyodhani mwenyewe. Alipoulizwa kabla ya kuanza kuandika, fundi huyu alisema sigara zinazomshinda ni za hasira.

Wafungao Ramadhani wanayo karatasi ya aina hii bila kuandika. Wengi husema kwamba mchana wa saumu unavumilika, kisha hamu inawashukia kwa kishindo mara tu baada ya futari, ingawa tumbo limejaa na chai iko mkononi. Hapo upungufu wa mchana mzima na vichocheo viwili vimekutana katika dakika moja. Kwa sababu hiyo futari si mahali pazuri pa kuanzia mazoezi, japo mchana wa saumu ni wakati mzuri sana wa kuacha kabisa.

Chai: kuiacha, kuibadilisha au kubaki nayo

Mvutaji akishajua kwamba chai ndiyo inayomwitia sigara, ana njia tatu mbele yake.

Wengi hukimbilia kuiacha chai kabisa. Kwa sigara yenyewe njia hii hufanya kazi, maana kichocheo hakipo. Tatizo ni kafeini. Mtu aliyezoea vikombe vinne vya chai ya rangi iliyokolea akiviacha ghafla, ndani ya siku moja huanza kuumwa kichwa, kuchoka na kukasirika upesi, na hali hiyo huweza kudumu siku kadhaa, hata wiki. Siku hizo hizo ndizo ambazo upungufu wa nikotini nao umefika kileleni, kwani dalili zake huwa kali zaidi katika siku mbili au tatu za kwanza. Mtu anabeba arosto mbili kwa pamoja, na kwa kuwa sigara moja huonekana kutuliza zote, anairudia. Ni adhabu isiyo ya lazima.

Kubaki na chai ileile kwa kiasi kilekile kuna mtego wa upande wa pili, nao haujulikani sana. Moshi wa sigara, kwa sababu ya kemikali za masizi yake na si nikotini, hulichochea ini lizalishe kwa wingi kimeng'enya kinachovunjavunja kafeini. Mvutaji basi huiondoa kafeini mwilini haraka kuliko asiyevuta. Akiacha sigara, kimeng'enya hicho hupungua katika siku chache, na vikombe vilevile vinne vinaacha kafeini nyingi zaidi katika damu. Anakosa usingizi, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, naye anaamini kwamba ni kukosa sigara. Plasta au chingamu ya nikotini haizuii jambo hilo, kwa kuwa havina moshi. Dalili ya kulitambua ni wakati: wasiwasi unaokuja nusu saa hivi baada ya kila kikombe unaelekea kuwa wa chai, ilhali ule unaokuja kabla ya kikombe unaelekea kuwa wa sigara. (Kimeng'enya hicho hicho hushughulika na baadhi ya dawa, kama vile theofilini ya pumu na klozapini ya magonjwa ya akili, kwa hiyo anayezitumia amweleze daktari wake kabla ya siku ya kuacha, maana huenda kipimo kikahitaji kupunguzwa.)

Ninayoipendelea ni njia iliyo kati ya hizo mbili: chai ibaki, lakini ipunguzwe hadi karibu nusu, na kila kilichokuwa kikiandamana nayo kibadilike. Nusu hiyo ifikiwe polepole katika wiki moja kabla ya kuacha, kwa kuweka majani machache zaidi, kwa kugeuza kikombe cha pili kuwa maji ya moto yenye tangawizi au iliki bila majani, au kwa kunywa nusu kikombe. Kisha ibadilike sehemu ya kukaa, na ubadilike mkono unaoshika kikombe. Jambo la mkono linaonekana dogo, lakini mvutaji anayeshika sigara kwa mkono wa kulia amezoea kunywa kwa wa kushoto, na mkono wa kulia ukibaki mtupu huenda mfukoni wenyewe. Ushike kikombe kwa mkono uleule uliokuwa ukishika sigara, na mwingine upewe kipande cha muhogo au kashata.

Kahawa ya kijiweni naiweka kando. Pale hakuna kichocheo kimoja: kuna kahawa, kuna moshi wa wenzako, kuna kiberiti kinachopita mkono kwa mkono, na kuna rafiki anayekupa sigara kwa heshima kabla hujaiomba. Mbadala wa karafuu mdomoni hauwezi kushindana na vitu vinne kwa wakati mmoja. Kwa kijiwe pekee, kukwepa ni bora kuliko kubadilisha, kwa muda wa wiki tatu hivi tangu siku ya kuacha, muda ambao dalili nyingi za mwili huwa zimepungua. Gharama yake ni upweke wa jioni, na asiyeikadiria mapema atarudi kijiweni siku ya nne.

Baada ya kula: mswaki, kuinuka au kutafuna

Sigara ya baada ya kula hufanya kazi tatu kwa mpigo. Hutangaza kwamba mlo umekwisha, huondoa ladha ya chakula mdomoni, na humpa mtu sababu ya kuinuka na kutoka nje. Mbadala unaofaa ni ule unaofanya walau mbili kati ya hizo.

Kupiga mswaki hufanya mbili za kwanza vizuri kuliko kitu kingine chochote. Ladha ya dawa ya meno haipatani na moshi, na kitendo chenyewe huchukua dakika mbili au tatu, ambazo ni sehemu kubwa ya umri wa hamu moja, kwani hamu inayoletwa na kichocheo kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Udhaifu wake ni kwamba mswaki uko nyumbani. Kwa chakula cha usiku ni mbadala wa kwanza. Kwa mama ntilie haufai, isipokuwa kwa anayetumia mswaki wa mti na kuubeba mfukoni.

Kuinuka kunafanya kazi ya kwanza na ya tatu. Mtu analipa mapema chakula kinapoletwa, ili asikae akingojea chenji, kisha akimaliza tonge la mwisho anasimama, ananawa na kuondoka. Hatari ya mbadala huu ni njia yenyewe: kama kati ya mama ntilie na karakana kuna duka linalouza sigara moja moja, achague njia nyingine, au abaki na pesa kamili ya chakula tu.

Kutafuna karafuu, iliki au kijiti cha meno hufanya kazi ya pili tu, na kwa hiyo ni kisaidizi kuliko kuwa mbadala kamili. Peremende nazo husaidia, lakini anayekula peremende mahali pa sigara kumi na nne amejiongezea tatizo lingine. Ugoro na shisha visihesabiwe kuwa mbadala hata kidogo, maana vyote viwili ni tumbaku.

Chingamu ya nikotini inahitaji maelezo yake, kwa kuwa watu huitumia vibaya hasa katika chai na chakula. Nikotini yake hupenyezwa kupitia ngozi ya ndani ya shavu, na vinywaji vyenye asidi kama kahawa, juisi na soda huzuia kupenya huko. Kanuni ni kutokula wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa dakika 15 kabla ya kuitafuna na wakati wa kuitafuna. Anayeitia mdomoni akiwa bado anakunywa chai anameza nikotini yake, anapata kichefuchefu na kwikwi, kisha anasema haifanyi kazi. Kwa maana hiyo chingamu hii si mbadala wa sigara ya chai. Ni kinga ya hamu ya mwili kati ya mlo na mlo, nayo hutafunwa polepole mpaka iwashe kidogo, kisha huegeshwa shavuni.

Mazoezi: kichwani au mahali penyewe

Kuchagua mbadala hakutoshi; lazima mkono uuzoee kabla ya siku yenyewe. Mazoezi ya kichwani ni kusema kwa maneno kamili nini kitafuatiwa na nini. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mpango wenye umbo la "likitokea hili, nitafanya lile" hutekelezwa mara nyingi zaidi kuliko nia ya jumla. Tofauti iko katika ile sehemu ya kwanza ya sentensi. "Nitapunguza sigara za mchana" haina mahali pa kuanzia. "Nikinawa mkono baada ya kula, nitatia karafuu mdomoni na kwenda karakana kwa njia ya nyuma" inaanzia kwenye maji yanayomwagika mkononi, na maji hayo yatamwagika kila siku, apende asipende.

Mazoezi ya mahali penyewe hufanywa mtu akiwa bado anavuta, na hapo ndipo wengi hushangaa. Kwa siku kumi kabla ya kuacha, anachukua kichocheo kimoja, anafanya mbadala wake pale pale kinapotokea, kisha anangoja dakika 15. Zikipita na hamu bado ipo, anaruhusiwa kuvuta, lakini akiwa amesimama, mahali pengine, bila kikombe na bila mazungumzo. Lengo la siku hizo ni kuvunja undugu wa chai na sigara, hata kama idadi haijapungua sana. Mazoezi ya kichwani yanafaa asubuhi kabla ya kutoka, na kwa hali zisizotokea kila siku kama harusi au msiba. Kwa chai na chakula, vinavyotokea mara tatu au nne kwa siku, mahali penyewe ndipo penye faida zaidi.

Fundi wetu alianza na kikombe cha pili cha chai, kwa sababu kilikuwa na hamu ya 2. Watu wengi huanza na sigara iliyo ngumu kuliko zote ili wajipime, nami sioni faida yake: mbadala mpya bado ni dhaifu na unapigwa vita na hamu ya 5. Siku tatu alitumia kwa kikombe cha pili, akakigeuza kuwa maji ya tangawizi na kukaa upande wa pili wa benchi. Siku ya nne aliongeza kikombe cha kwanza, na siku ya sita akaongeza chakula cha mchana. Aliendelea kuandika wakati wote huo, na jumla ndiyo iliyomwonyesha kosa lake. Siku ya tano alivuta kumi na tano, moja zaidi ya kawaida, kwa sababu alikuwa akizilipia za chai kwa kuvuta mbili mbili saa sita mchana. Jumla ikipanda namna hiyo, maana yake sehemu ya sigara zilizoondolewa ilikuwa ikiutuliza mwili pia, na mazoea peke yake hayatatosha.

Kwake yeye ishara hiyo ilikuwapo tangu mstari wa kwanza wa karatasi. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida ana uraibu mkubwa wa nikotini, na anafaa kumwona mhudumu wa afya kuhusu plasta au chingamu. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa hizo katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Plasta hushughulikia sigara ya alfajiri, mbadala hushughulikia kikombe, na kuitumia moja bila nyingine kwa mtu wa namna yake ni kuziba tundu moja la paa lenye matundu mawili.

Siku ya kumi kikombe cha pili kilikuwa na hamu ya 1 na hakikufuatiwa na sigara. Chakula cha mchana kilishuka kutoka 4 hadi 3, kwa hiyo alisogeza siku ya kuacha mbele kwa siku tano na kuendelea kulipa mapema na kupita njia ya nyuma. Kijiwe hakikujaribiwa, kama ilivyopangwa. Lakini mistari ya katikati ya karatasi ilikuwa imebeba kitu ambacho si chai wala chakula: sigara tatu kila siku zilikuwa na maelezo yaleyale, "nangoja gundi ikauke." Sasa anapobana mbao kwa klampu, patasi na jiwe la kunolea huwa vimekwisha kuwekwa juu ya benchi, na gundi hukauka akiwa ananoa.